Kutoka Meseji hadi Barua: Namna ya Kuandika Upya Taarifa za Mtoto Asiyehudhuria Shule

Mzazi aliyekesha na mtoto mgonjwa huandika asubuhi kile anachokiweza: maneno machache, bila jina la darasa, bila tarehe, herufi nyingine zimemezwa. Karani wa shule akiwa anamfahamu mzazi huyo, ataelewa. Shida huanza pale ujumbe uleule unapotakiwa kufanya kazi baada ya asubuhi ile, yaani mwalimu wa darasa anapotaka kujaza daftari la mahudhurio, au mwisho wa muhula siku ambazo mtoto hakufika zinapohesabiwa na mtu ambaye hakuwepo ofisini siku ujumbe ulipoingia. Mtu huyo hana sauti yako wala hajui historia yenu. Anayo maandishi tu.

Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu meseji ya kwanza hadi barua iliyokamilika, kisha unagusa hali chache ambazo hazifanani na kisa hicho. Majina yaliyomo katika mifano ni ya kubuni.

Kwanza, fahamu ofisi inataka kuandika nini

Kwenye daftari la mahudhurio, mwanafunzi asiyekuwepo huwekewa alama, na alama hiyo inahitaji maelezo: je, alikuwa mgonjwa, alikuwa na ruhusa, au hakuna anayejua alipokuwa? Namna ya kuweka alama hutofautiana kati ya shule na shule, lakini maswali ni yaleyale. Ni mwanafunzi gani, wa darasa gani? Hakuwepo kuanzia siku gani hadi siku gani? Kwa sababu gani? Atarudi, au alirudi, lini? Na anayesema haya ni nani kwake?

Taarifa nzuri ni ile inayomwezesha karani kujaza daftari bila kukupigia simu. Kila sentensi utakayoiandika ipime kwa kipimo hicho. Isiyojibu mojawapo ya maswali hayo, na isiyoomba jambo mahususi, inaweza kuondoka bila hasara.

Pili, kusanya meseji zote kabla ya kuandika lolote

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuiandika upya meseji ya mwisho peke yake. Habari za kutohudhuria hutumwa vipande vipande, na kipande cha leo hubadilisha maana ya kile cha jana. Chukua mfano huu wa mama aliyeandikia ofisi ya shule mara tatu katika wiki moja.

Jumatatu, saa 1:02 asubuhi:

> Shkamoo mwl, Zai leo haji, anaumwa cjui nini, tumbo tumbo, kalala vibaya ucku kucha. Asante

Jumanne, saa 2:40 asubuhi:

> Mwl bado hajapata nafuu, tunaenda nae hosp. Nadhani keshokutwa atakuja. Kuna mtihani?

Jumatano, saa 1:15 usiku:

> Daktari kasema apumzike cku 2. Samahani sana mwl, jamani mi niliwaambia mapema, msije mkamwandika mtoro

Ziandike meseji hizo kwenye karatasi kwa mfuatano, kila moja na siku yake, kisha badilisha kila neno la wakati liwe tarehe. "Leo" ya Jumatatu ni tarehe 9 Machi 2026. "Keshokutwa" iliyoandikwa Jumanne ni Alhamisi, tarehe 12. Hadi hapo hakuna utata.

Utata umo katika meseji ya tatu. "Apumzike siku 2" imetumwa Jumatano usiku. Karani anayeisoma Alhamisi asubuhi atahesabu Alhamisi na Ijumaa, kisha atamtarajia mtoto Jumatatu inayofuata. Mwingine ataihesabu Jumatano yenyewe kuwa siku ya kwanza. Wa tatu, akikumbuka meseji ya Jumanne, atamtarajia Alhamisi. Ofisi moja, meseji tatu, majibu matatu, na hakuna msomaji hata mmoja aliyekosea.

Jibu la kweli halimo katika meseji yoyote. Limo katika cheti cha daktari, ambacho mama huyu alikipokea Jumanne tarehe 10 kikiagiza mapumziko ya siku 2 kuanzia tarehe 11. Kwa hiyo mtoto hakuhudhuria Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, siku 4, na siku ya kurejea ni Ijumaa tarehe 13. Ndiyo maana nasisitiza kukusanya kwanza: kama mama huyu angesafisha tu Kiswahili cha meseji ya tatu, angepata sentensi nzuri yenye hesabu ileile isiyoeleweka.

Tatu, funga milango ya maneno ya wakati

Kiswahili cha mazungumzo kinatutosha kwa sababu anayetusikiliza yupo nasi. Kwenye maandishi, maneno kadhaa ya wakati huacha mlango wazi, na yafaa kuyafahamu moja moja.

La kwanza ni "mpaka". Mzazi anapoandika "hatakuja mpaka Alhamisi", je, Alhamisi mtoto yupo darasani au bado yupo nyumbani? Wasomaji wawili wenye akili timamu wanaweza kuisoma kila mmoja kwa namna yake. Dawa yake ni kutaja siku mbili badala ya moja: siku ya mwisho ya kutokuwepo na siku ya kurejea. Ukiandika "hatahudhuria kuanzia Jumatatu tarehe 9 hadi Alhamisi tarehe 12 Machi, na atarejea Ijumaa tarehe 13", utata wa "hadi" unajifuta wenyewe, kwa sababu siku ya kurejea imetajwa.

La pili ni tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu tupu. "12/3" inaweza kusomwa kuwa tarehe 12 ya mwezi wa 3 au tarehe 3 ya mwezi wa 12, kutegemea mazoea ya msomaji. Andika jina la mwezi, na uweke jina la siku kando yake. Jina la siku hufanya kazi ya ukaguzi: ukiandika "Alhamisi tarehe 13 Machi 2026" kwa bahati mbaya, mtu mwenye kalenda ataona mara moja kwamba siku na tarehe hazipatani, na atauliza. Ukiandika tarehe peke yake, kosa litapita.

La tatu ni saa, ambayo huwaponza hata waangalifu. Simu nyingi huonyesha 11:00 wakati sisi tunasema saa tano asubuhi. Mzazi aliyeitazama simu yake akaandika "namchukua saa 11" anaweza kumaanisha saa tano asubuhi, ilhali ofisi ikaelewa saa kumi na moja jioni. Katika taarifa rasmi andika saa pamoja na sehemu ya siku, "saa 5:00 asubuhi", na usiichanganye kamwe mifumo miwili katika barua moja.

Nne, mtaje mtoto kwa jina la daftari

Zai ni jina la nyumbani. Kwenye daftari ameandikwa Zainabu Juma Rashidi, na huenda darasani wapo akina Zainabu wawili. Andika majina yote kama yalivyoandikishwa shuleni, kwa mfuatano uleule, kisha darasa na mkondo wake. Hata tahajia ina uzito: kama shule imemwandika "Zainabu", usiandike "Zainab" kwa kuwa ndivyo mnavyomwita.

Jambo hilohilo lamhusu mzazi. Wengi wetu tunajulikana kwa majina ya watoto wetu, na kusaini "Mama Zai" ni heshima mtaani. Ofisini hakusaidii, hasa kama shule inamfahamu mtoto wako mwingine na kukuita Mama wa huyo. Saini kwa jina lako kamili, useme wewe ni nani kwa mtoto: mama, baba, au mlezi. Kama namba unayotumia si ile uliyoiandikisha shuleni, sema hivyo, kwa kuwa karani ana haki ya kujiuliza kama aliyeandika kweli ni mzazi.

Kama una watoto wawili katika shule moja, Kiswahili kinaongeza mtego mdogo. "Hawatakuja" inaonyesha kwamba ni zaidi ya mmoja, lakini haisemi ni akina nani. Nashauri kila mtoto awe na taarifa yake hata kama sababu ni moja, kwa sababu madarasa ni tofauti na madaftari pia ni tofauti.

Tano, amua kama unatoa taarifa, unaomba ruhusa au unatoa maelezo

Mambo haya matatu huchanganywa sana. Ukiandika kabla ya siku yenyewe kuhusu jambo ambalo shule ina uwezo wa kulikubali au kulikataa, kwa mfano safari ya kifamilia, unaomba ruhusa: "Naomba ruhusa kwa ajili ya…". Ukiandika asubuhi mtoto akiwa mgonjwa kitandani, huombi ruhusa ya kuumwa. Unatoa taarifa: "Napenda kukujulisha kwamba…". Ukiandika baada ya siku kupita, unatoa maelezo, na kitenzi kinageuka kuwa cha wakati uliopita: "hakuhudhuria", wala si "hatahudhuria". Sentensi kama "naomba ruhusa ya jana" husikika kwenye mazungumzo, lakini kwenye faili inamtaka mwalimu atoe kibali cha jambo lililokwisha kutendeka, jambo asiloliweza.

Ukishaamua, andika jambo hilo kwenye kichwa cha barua, ule mstari ambao wengine huuanza kwa "Yah:" na wengine kwa "Kuhusu:". Mstari huo ubebe jina, darasa na tarehe. Karani anayepekua faili lenye barua nyingi husoma vichwa tu.

Sita, andika sababu kwa kiasi kinachotosha, wala usiikuze

Hapa ndipo uandishi upya huharibika mikononi mwa watu wenye nia njema. Meseji ilisema "cjui nini, tumbo tumbo". Mtu anayetaka barua ipendeze atashawishika kuandika "alikuwa akisumbuliwa na maradhi makali ya tumbo" au "aligundulika kuwa na maambukizi". Mama hakusema hivyo, wala hakuna aliyempa habari hizo. Kiswahili rasmi cha "tumbo tumbo" ni "maumivu ya tumbo". Urasmi hubadilisha sura ya maneno. Uzito wa jambo hubaki ulivyokuwa. Kama hujui mtoto anaumwa nini, andika dalili ulizoziona: homa, kutapika, kikohozi, maumivu. Dalili ni ushahidi wako mwenyewe, jina la ugonjwa ni kazi ya daktari.

Huwajibiki pia kuandika kila kitu. Cheti kikiwa kimeambatishwa, ofisi haihitaji simulizi la usiku mzima. Ipo hali moja tu ambayo ningemsihi mzazi aeleze zaidi: ugonjwa unaoambukiza, kama tetekuwanga au surua. Hapo shule inahitaji kujua jina la ugonjwa mapema ili iwatazame watoto wengine, na taarifa hiyo haipaswi kusubiri barua. Piga simu asubuhi ileile, barua ifuate.

Kuna sababu nyingine ambazo mzazi huona haya kuziandika: sare haikukauka, nauli haikupatikana, nyumba nzima ilichelewa kuamka. Kishawishi ni kuzigeuza zote kuwa "ugonjwa", kwa kuwa neno hilo haliulizwi maswali. Naomba usifanye hivyo. Ugonjwa usiokuwepo huingia kwenye kumbukumbu za mtoto, na siku atakapoumwa kweli mara kwa mara, mwalimu ataona mfululizo usio wa kweli na kuanza kutafuta tatizo la afya pasipo na tatizo, au kutokuamini palipo na tatizo. Andika "hakuhudhuria kwa sababu za nyumbani ambazo niko tayari kuzieleza ana kwa ana". Shule inaweza kukubali au kutokubali sababu hiyo. Uzuri wa barua haubadilishi uamuzi wao, na haujakusudiwa kufanya hivyo.

Saba, geuza lugha

Ukishakuwa na tarehe, jina, lengo na sababu, lugha yenyewe ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Rudisha herufi zilizomezwa: "cku" iwe "siku", "mwl" iwe "Mwalimu", "hosp" iwe "hospitali". Kitenzi kilichofupishwa kwa ka- za mazungumzo kirudi katika hali yake: "kasema" iwe "alisema" au, kwa daktari, "alishauri", "kalala vibaya" iwe "hakulala vizuri". "Hatokuja" iandikwe "hatakuja" au "hatahudhuria". "Nae" ni "naye". Viitikio vya hisia, kama "jamani", huondoka.

Salamu nazo zahitaji uamuzi. "Shikamoo" yafaa kabisa kwenye meseji inayomwendea mwalimu unayemfahamu, na sioni sababu ya kuiondoa huko. Kwenye barua, msomaji wa kwanza huenda akawa karani mdogo kwako kwa umri, kisha barua ikahamia kwa mwalimu mkuu, kisha kwenye faili. Salamu inayotegemea umri haina mahali pa kutua. "Ndugu Mwalimu Mkuu" inatosha.

Upande wa pili wa kosa hilo ni unyenyekevu uliopitiliza. Nimesoma barua zinazotumia mistari minne ya "kwa heshima na taadhima kubwa" na dua za kheri kabla ya kumtaja mtoto, na jicho linachoka kabla halijafika kwenye tarehe. Heshima kwa mtu mwenye kazi nyingi ni kumpa anachokihitaji katika sentensi ya kwanza.

Radhi nayo iwe moja, tena kwa jambo moja. Mama wa mfano wetu aliomba samahani, akajitetea, akaonya wasimwandike mtoto mtoro, vyote katika mstari mmoja. Chini ya maneno hayo kuna ombi halali: siku hizo ziandikwe kuwa za ugonjwa. Ombi hilo lisemwe wazi, bila lawama. Samahani haihitajiki kwa kuwa alitoa taarifa tangu siku ya kwanza. Angekuwa amechelewa, angeandika "Naomba radhi kwa kuchelewa kutoa taarifa", kisha akaendelea. Habari za simu iliyoisha chaji hazina kazi kwenye daftari.

Nane, andika matoleo mawili

Toleo la kwanza ni la simu, linalotumwa siku ileile ili kuondoa shaka. Jumatano usiku, badala ya meseji yake ya tatu, mama angeandika hivi:

> Kwa ofisi ya shule. Zainabu Juma Rashidi wa Darasa la 4 B hatahudhuria shule kesho, Alhamisi tarehe 12 Machi 2026. Amekuwa na maumivu ya tumbo tangu Jumatatu tarehe 9, na daktari ameshauri apumzike Jumatano na Alhamisi. Atarejea Ijumaa tarehe 13 Machi, akiwa na nakala ya cheti cha daktari. Ni mimi mama yake, Mwanaidi Saidi Omari.

Ni meseji bado, na inasomwa kwa muda mfupi, lakini karani akiinakili neno kwa neno kwenye daftari haitahitaji nyongeza. Angalia kwamba "kesho" imebaki, lakini imefungwa kwa tarehe.

Toleo la pili ni barua anayoibeba mtoto siku ya kurejea. Vitenzi vimehamia wakati uliopita, kwa kuwa sasa ni maelezo:

> Mwanaidi Saidi Omari
> (namba ya simu iliyoandikishwa shuleni)
>
> 13 Machi 2026
>
> Mwalimu Mkuu,
> (jina la shule)
>
> Kuhusu: Kutohudhuria shule kwa Zainabu Juma Rashidi, Darasa la 4 B, tarehe 9 hadi 12 Machi 2026
>
> Ndugu Mwalimu Mkuu,
>
> Binti yangu aliyetajwa hapo juu hakuhudhuria shule kwa siku 4, kuanzia Jumatatu tarehe 9 hadi Alhamisi tarehe 12 Machi 2026, kwa sababu ya ugonjwa. Amerejea leo, Ijumaa tarehe 13 Machi.
>
> Alianza kupata maumivu ya tumbo usiku wa kuamkia Jumatatu, na niliijulisha ofisi yako kwa simu asubuhi hiyo. Jumanne tarehe 10 nilimpeleka hospitali, ambako daktari alishauri apumzike nyumbani kwa siku 2, yaani tarehe 11 na 12. Nakala ya cheti cha daktari imeambatishwa.
>
> Naomba siku hizo 4 ziandikwe kuwa za ugonjwa. Naomba pia kufahamishwa kama darasa lake lilifanya mtihani wowote katika siku hizo na, kama lilifanya, utaratibu ambao Zainabu ataufuata.
>
> Wako mwaminifu,
> (saini)
> Mwanaidi Saidi Omari, mama mzazi

Kila kilichomo kwenye meseji tatu kimefika hapa isipokuwa lawama, makisio ya "nadhani keshokutwa" na usiku wa kutolala. Swali la "Kuna mtihani?", lililokuwa limejificha mwishoni mwa meseji ya Jumanne, limepata sentensi yake na sasa linaweza kujibiwa. Pia angalia neno "kwa simu asubuhi hiyo": limechukua nafasi ya "jamani mi niliwaambia mapema", na linaweza kuthibitishwa kwa kutazama simu ya ofisi.

Hali ambazo hazina tarehe ya kurejea

Msiba ukitokea, meseji huwa kama hii: "Mwl tumepata msiba tuko njiani, hatujui tunarudi lini." Huwezi kuandika siku ya kurejea usiyoijua, na kuibuni ili barua ikamilike ni kujitafutia simu ya pili. Badala yake taja siku ambayo utatoa taarifa tena: "Familia yetu imefiwa, na tumesafiri leo, Jumanne tarehe 10 Machi 2026. Kwa sasa sijui tarehe ya kurejea. Nitaijulisha ofisi kabla ya Ijumaa tarehe 13 Machi." Ofisi sasa ina tarehe ya kushika. Kama siku hiyo ikifika na bado hujui, andika tena hivyohivyo, ukitaja tarehe nyingine. Nani amefariki na kwa sababu gani ni mambo unayoweza kuyaacha, isipokuwa ukiona kwamba mwalimu wa darasa anapaswa kufahamu kwa ajili ya hali ya mtoto atakaporudi. Hayo yaseme kwake moja kwa moja, kwa kuwa barua ya ofisini hupita mikono mingi.

Vivyo hivyo kwa mambo ya ndani ya nyumba. "Sababu za kifamilia" ni maneno halali na kamili. Ukiongeza "niko tayari kuzieleza ana kwa ana", umeonyesha kwamba hufichi, bila kuyaandika yasiyopaswa kukaa kwenye faili.

Mtoto anayetoka mapema

Meseji ya "mjomba wake atakuja kumchukua saa 5" ndiyo ninayoiona hatari kuliko zote, maana hapa kosa la maandishi linaweza kumkabidhi mtoto kwa mtu asiye sahihi. Mjomba, shangazi, kaka na dada ni maneno mapana kwetu. "Kaka yake" anaweza kuwa mtoto wa baba mkubwa, au jirani aliyekua naye. Andika jina kamili la anayekuja, uhusiano wake na mtoto kwa usahihi, kitambulisho atakachoonyesha, saa pamoja na sehemu ya siku, na kama mtoto atarudi shuleni siku hiyo au la: "Naomba Zainabu Juma Rashidi wa Darasa la 4 B aruhusiwe kutoka leo, Jumatatu tarehe 16 Machi 2026, saa 5:00 asubuhi, kwenda hospitali. Atachukuliwa na mdogo wangu, Hamisi Saidi Omari, atakayeonyesha kitambulisho chake. Hatarudi shuleni leo."

Taarifa ya namna hii usiitume kwa meseji pekee. Piga simu ofisini kuthibitisha kwamba imesomwa, kwa sababu saa 5:00 inaweza kufika simu ya ofisi ikiwa bado kwenye droo.

Kabla ya kutuma

Mpe mtu mwingine wa nyumbani aisome barua mara moja, kisha uichukue na kumuuliza maswali mawili: mtoto alikosa siku ngapi, na anarudi lini? Akisita, tatizo liko kwenye tarehe, nawe utalipata hapo. Hesabu siku kwa vidole ukizitaja kwa majina, kwa sababu 12 kutoa 9 ni 3, ilhali kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ni siku 4. Kosa hili la kutoa badala ya kuhesabu hupenya hata kwenye barua nzuri. Hakikisha idadi ya siku kwenye barua inalingana na cheti cha daktari pamoja na siku zilizotangulia hospitali. Zikitofautiana, eleza kama barua yetu ilivyofanya, kwamba siku 2 za mwanzo zilitokana na ugonjwa kabla ya agizo la daktari na 2 za mwisho ni za agizo lenyewe.

Mwisho, ipige barua picha kabla ya kuikunja na kumpa mtoto. Barua zinazobebwa kwenye mikoba ya watoto hupotea kati ya lango na ofisi, na picha yenye tarehe itakuokoa usiiandike upya kwa kukisia wiki tatu baadaye.